Hewa ya juu haitoki kama ya chini haiingii: maongezi na mafundi paa na wenye nyumba

Habari za asubuhi wazee wangu, kina mama, na mafundi wenzangu. Ahsanteni kwa kufika na ahsanteni kwa kunipa nafasi. Nimeambiwa niongelee joto la nyumba za bati, ila joto la nyumba ni somo pana sana, kuna kuta, kuna madirisha, kuna miti, kuna rangi, tukigusa vyote tutatoka hapa hatujashika kitu. Kwa hiyo leo nabaki na kitu kimoja tu, ile nafasi kati ya bati na dari, na matundu yake mawili: la chini kwenye upenu, na la juu kwenye mgongo wa paa pale kofia inapokaa. Nikimaliza nataka kila fundi hapa aweze kumwambia mteja wake uwazi uwe wa upana gani na ukae wapi, na kila mwenye nyumba aweze kupanda darini mwenyewe ajue hewa inapita au haipiti.

Naanza na kitu ambacho nakikuta mara nyingi mno. Mtu analalamika nyumba inachoma, anashauriwa aweke zile feni za juu ya bati zinazozungushwa na upepo, anaweka mbili, zinazunguka vizuri kabisa, ila chumbani joto liko palepale. Ukienda kuangalia chini unakuta upenu wote umefungwa, jipsam au plaiwudi au lile dari la plastiki limetoka ukutani mpaka fisha bodi, kona zote zimezibwa na silikoni, hamna pa kupitisha hata njiti ya kiberiti. Sasa hiyo feni inavuta hewa kutoka wapi? Mnajua kopo la maziwa, ukitoboa tundu moja maziwa yanadondoka kwa shida, ukitoboa la pili upande wa pili yanatoka bila kusumbua. Paa ni hivohivo, hewa ya moto haitoki juu mpaka nyingine iingie chini kuchukua nafasi yake.

Na ubaya ni kwamba ile feni haikai bure. Ikikosa hewa ya nje inavuta ya vyumbani, kupitia kwenye matundu ya taa za dari, kwenye kifuniko cha kupandia darini, pembeni ya mabomba, kwenye nyufa za jipsam na ukuta. Mtu wa Kigamboni mwenye kiyoyozi anavutiwa juu ile hewa ya baridi aliyoilipia umeme, na mtu wa Njombe anavutiwa juu mvuke wa jikoni na wa bafuni unaenda kukaa kwenye mbao. Kwa hiyo tundu la juu peke yake linaweza likaleta shida ambayo mwanzo haikuwepo. Ndo maana nasema, kama una hela ya kufanya upande mmoja tu kwa sasa, anza na upenu.

Sasa tuelewane hewa inasukumwa na nini, maana ukishajua nguvu ilivyo ndogo utaacha kuidharau kila takataka inayoziba. Mchana bati linapata moto, hewa iliyo chini yake inapata moto, inatanuka, inakuwa nyepesi. Tuseme nje kivulini ni nyuzi 32 na ndani ya paa ni 42. Mita ya ujazo moja ya hewa ya nje ina uzito kama kilo moja na gramu 157, ile ya ndani ya paa kilo moja na gramu 120 hivi. Tofauti ni gramu 37 tu. Paa likiwa na urefu wa mita 2 toka usawa wa upenu mpaka kwenye kofia, huo msukumo wote kwa jumla ni kama uzito wa gramu 70 na kidogo uliotandazwa kwenye mita moja ya mraba. Basi, ni huo tu. Ndio maana wavu wenye vumbi, au kiota cha ndege, au foili iliyopitishwa vibaya vinatosha kabisa kuua mzunguko wote.

Upepo unasaidia, na mara nyingi unasaidia kuliko joto. Hata upepo wa polepole wa mita 2 kwa sekunde unaweza kuleta msukumo sawa na huo au zaidi, kwa sababu unasukuma hewa ndani upande unaopigwa na unanyonya pale juu ya mgongo unapovuka. Ila upepo una saa zake, kuna ile saa nane mchana ya mwezi wa pili ambapo hata jani halitikisiki, na hapo unabaki na hizo gramu 70 zako. Kwa hiyo hesabu nitakazotoa ni za siku isiyo na upepo, ukipata upepo shukuru.

Tuchukue nyumba moja tuipigie hesabu mpaka mwisho. Nyumba ya Kigamboni, urefu mita 12, upana mita 10, paa la slopu mbili, ile mgongo wa tembo, bati la mawimbi la kawaida, kenchi zimepanda mita 2 katikati. Dari lake lina mita za mraba 120. Nafasi ya hewa ndani ya paa ni nusu ya 10 mara 2 mara 12, mita za ujazo 120.

Uwazi uwe kiasi gani? Kuna kanuni mtaikuta kwenye vitabu vingi vya ujenzi, inasema eneo la matundu liwe moja kwa 300 ya eneo la dari. Hiyo namba imetoka Marekani, mwaka 1942 FHA, shirika la serikali la huko linalodhamini mikopo ya nyumba, waliiweka kwenye masharti yao, na walikuwa wanapigana na unyevu unaoganda ndani ya mapaa ya nchi ya baridi. Haikuwekwa kwa ajili ya joto la Kigamboni. Kanuni zao za siku hizi zenyewe zinaanzia moja kwa 150, halafu ile moja kwa 300 inaruhusiwa kwa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba matundu ya juu yawe kati ya asilimia 40 na 50 ya yote, yaani juu pasizidi chini. Hilo sharti nalipenda kuliko namba yenyewe, maana chini pakiwa pakubwa kidogo hewa inatoka nje kuingia darini, chini pakiwa padogo ndo ile habari ya kuvuta kutoka vyumbani. Mimi kwa ukanda wa pwani natumia moja kwa 150, na pakiwezekana kuzidi nazidisha.

Moja kwa 150 ya mita 120 ni mita za mraba 0.8. Tuweke chini 0.42 na juu 0.38. Upenu wetu una pande mbili za mita 12, jumla mita 24. Gawa 0.42 kwa 24 unapata milimita 17 au 18. Yaani mwanya wa milimita 18 unaopita upenu mzima pande zote mbili, huo ni uwazi mtupu, bila wavu. Ukiweka wavu wa mbu, nyuzi zenyewe zinakula karibu nusu ya njia, kwa hiyo mwanya ufanye milimita 35 mpaka 40. Si kitu cha kutisha hicho, ni upana wa vidole viwili, unaukata sambamba na fisha bodi, ndani kidogo ili mvua isiufikie.

Juu sasa, na hapa naomba mafundi tusikilizane vizuri kwa sababu kuna kitu tunakitupa kila siku. Bati la mawimbi la kawaida lina kina cha milimita 18 hivi. Kofia bapa ukiilaza juu yake inakaa kwenye vichwa vya mawimbi, na kwenye kila bonde unabaki upenyo. Ukichukua wastani wa mawimbi, upenyo huo ni nusu ya kina, milimita 9. Kofia ina pande mbili, kila upande mita 12, kwa hiyo mita 24 mara milimita 9 unapata mita za mraba 0.2 na ushee. Bure kabisa, hujanunua chochote. Hiyo peke yake ndo ile nusu ya juu ya kanuni ya moja kwa 300. Halafu sisi tunafanya nini? Tunaijaza saruji, au tunaweka sponji ya kuziba, au tunamwaga silikoni, tunaona tumefanya kazi safi, tunashuka.

Kosa lingine liko chini ya kofia palepale. Mabati ya pande mbili yanakutana mgongoni yakigusana, au moja limepanda juu ya lingine, kwa hiyo hata kama mabonde yako wazi hewa haina pa kutokea kuyafikia. Bati liishie sentimita 3 mpaka 4 kabla ya mstari wa katikati, kila upande, ili chini ya kofia pawe na mfereji wa wazi wa sentimita 6 mpaka 8 toka mwanzo wa paa hadi mwisho. Na ncha ya kila bonde ikunjwe juu kwa koleo, kaukuta kadogo tu, ili maji ya mvua yanayosukumwa na upepo kupanda juu ya bati yagonge pale yarudi. Kofia yenyewe ilale juu ya bati sentimita 15 au zaidi kila upande. Ukifanya hivo vitu vitatu, kuacha nafasi, kukunja ncha, na kulaza kofia ya kutosha, huhitaji kuziba ili kuzuia mvua.

Kwenye nyumba yetu tunataka 0.38 juu na mawimbi yametupa 0.2. Iliyobaki unaipata kwa kuinua kofia kidogo, vipande vya papi vyenye unene wa milimita 8 au 10 chini ya kofia kwenye vichwa vya mawimbi kila baada ya sentimita 60, skrubu ndefu inapita katikati yake mpaka kwenye mbao. Hapo unapanda mpaka 0.4 hivi. Ila ukishainua, bonde linakuwa na mdomo wa milimita 26, na popo mdogo anaingia vizuri tu kwenye huo mdomo, nyuki nao watakuja. Kwa hiyo weka kipande cha wavu wa chuma wa matundu ya milimita 4 mpaka 6, usioshika kutu, ukunje ukae chini ya kofia urefu wote. Huo hauzibi sana na hauna haja ya kuwa wa mbu, nitasema kwa nini.

Sasa hewa inapita kiasi gani? Kwa matundu hayo, baada ya wavu kula sehemu yake, na ile tofauti ya nyuzi 10, inapita kama mita za ujazo 650 kwa saa. Paa lina 120, kwa hiyo hewa yote inabadilika zaidi ya mara tano kila saa, na joto linalobebwa kwenda nje ni kilowati 2 hivi, muda wote jua linapowaka. Na ina tabia nzuri, paa likizidi kupata moto mzunguko unaongezeka wenyewe, jua likipungua unapungua.

Kilowati 2 ni nyingi au kidogo? Hapa lazima niwe mkweli kwenu. Ni nyingi kwa hewa, ila hewa sio njia kuu ya joto kushuka. Bati likifika nyuzi 60, na bati la rangi ya giza lisilo na kivuli linafika, linamulika joto moja kwa moja kwenda kwenye mgongo wa jipsam, halihitaji kubebwa na hewa, linapita kwenye hewa kama mwanga unavyopita. Bati la nyuzi 60 na dari la nyuzi 42, huo mmuliko ni karibu wati 100 kwa kila mita moja ya mraba. Piga mara 120. Uwazi wa upenu na kofia hauwezi kushindana na huo peke yake, na anayekuuzia matundu akakuahidi chumba kitakuwa kama cha kiyoyozi anakudanganya.

Kinachozuia mmuliko ni foili, ile karatasi ya kung'aa, ikiwekwa chini ya papi au chini ya kenchi, upande unaong'aa ukiangalia chini kwenye nafasi ya wazi. Upande wa kung'aa hautoi joto, unalishikilia juu. Mafundi wengi wanageuza uangalie juu kwa kufikiri unarudisha jua kama kioo, miezi michache baadae vumbi limetanda juu yake na hauna kazi tena. Ukiangalia chini vumbi halikai.

Na hapa ndo foili na matundu vinakutana, kwa sababu foili ikishika joto, hewa iliyobaki kati yake na bati inakuwa ya moto kweli, na inatakiwa itoke. Sasa fundi anachukua rola ya foili, anaianzia fisha bodi upande huu, anaivusha juu ya mgongo bila kukata, anashuka nayo mpaka fisha bodi upande wa pili. Safi kwa macho, ila amefunga mlango wa juu kwa ndani. Ikate. Iishie sentimita 5 kabla ya mgongo kila upande, na chini isigusane na fisha bodi, iache njia ya hewa ya upenu kuingia juu yake na chini yake. Nimepanda kwenye mapaa yenye kofia ya matundu ya bei ghali, chini yake foili imepita nzima bila hata kuchanika, na mwenye nyumba anashangaa hela imeenda wapi.

Kabla sijaenda kwenye unyevu niwape namna ya kupima, maana haihitaji mashine. Panda darini saa nane mchana, zima tochi, subiri macho yazoee. Paa zuri unaona mstari mwembamba wa mwanga pembeni chini pande zote mbili, na mabaka madogo madogo ya mwanga mgongoni. Ukikuta giza totoro, jibu umeshalipata. Ukiona mwanga juu tu, chini giza, ndo lile la kuvuta kutoka vyumbani. Halafu shuka, chukua udi, uwashe, usogeze chini ya mwanya wa upenu kwa nje. Moshi unatakiwa upinde uingie ndani. Siku isiyo na upepo unauona unasita kidogo halafu unavutwa kama uzi. Ukitoka nje kukurudia usoni pande zote mbili, basi hewa ya paa inatafuta njia kwa chini kwa sababu juu pamezibwa. Ukishamaliza nje peleka huo udi chumbani chini ya taa ya dari, moshi ukivutwa kwenye tundu la taa, ziba hilo tundu kabla hujafanya kingine chochote.

Haya, unyevu. Watu wa pwani mnivumilie, hili ni la Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto, na kwa jirani zetu wa Limuru na Kericho. Simu inapigwa, fundi bati lako linavuja. Fundi anapanda, anakaza skrubu, anapaka silikoni, wiki ijayo simu tena. Mwulize mwenye nyumba swali moja tu, usiku huo mvua ilinyesha? Mara nyingi atakwambia hapana, ulikuwa usiku wa nyota, baridi kali, na maji yamedondoka asubuhi jua lilipopiga bati. Huo ni umande wa ndani. Usiku usio na mawingu bati linamulika joto lake kwenda angani na linapoa kuliko hewa inayolizunguka, linaweza kushuka nyuzi kadhaa chini yake. Hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 11 na nusu hivi. Bati limeshafika huko saa tisa usiku. Matone yanajipanga chini ya bati, baridi ikizidi yanaweza hata kuganda, jua likitoka yote yanashuka kwa mara moja.

Kuna alama zake. Maji ya kuvuja yanaacha doa moja kubwa lenye mduara wa kahawia, chini ya tundu au chini ya kofia. Umande unaacha vidoa vidogo vingi vilivyopangwa kwenye mistari, kwa sababu matone yanateleza chini ya bati mpaka yakutane na papi, yanadondokea hapo. Ukiwa darini angalia ncha za misumari iliyotokeza upande wa chini, zinakuwa na kutu na kila moja ina kaduara keusi kwenye mbao inayoizunguka. Chuma kinapoa haraka kuliko mbao, tone linaanzia hapo. Gusa mbao yenyewe, ukiona ukungu wa kijivu au mweusi upande unaoangalia bati, na chini yake ni safi, umeshajua. Mbao ikikaa juu ya asilimia 20 ya unyevu kwa muda mrefu ndo kuvu inapoota na baadae kuoza.

Haya maji yanatoka wapi? Sehemu kubwa ni ya vyumbani. Familia ya watu wanne kupika, kuoga, kukausha nguo ndani na kupumua tu inaweza kutoa lita 8 mpaka 10 za maji hewani kwa siku. Na kuna wale wanaoweka feni ya bafuni halafu paipu yake inaishia darini. Naomba sana hiyo kitu iishe, paipu itoke nje ya ukuta au nje ya bati, sio darini. Unachukua mvuke wote wa maji ya moto unaupeleka ukutane na bati la baridi.

Matundu yanafanya nini hapo? Jioni vyumba vikiwa bado na joto, hewa ya paa inakuwa imezidi ya nje kwa nyuzi kama 2. Kwa nyumba yetu ileile hiyo inatosha kupitisha mita za ujazo karibu 290 kwa saa. Kila mita ikiondoka na gramu 2 za mvuke zaidi ya ilizoingia nazo, ni zaidi ya nusu lita ya maji kila saa, inatoka nje kabla haijakutana na baridi ya usiku. Na asubuhi jua likipiga mzunguko unaamka, unakausha kilicholowa. Ile saa moja mpaka nne asubuhi ndo mbao inapona au haiponi.

Ila usiku wa manane wenyewe, wazee, matundu hayana ujanja mkubwa. Bati likishapoa kuliko nje, hewa ya paa nayo inapoa, inakuwa nzito, inashuka na kutokea upenuni, na ya nje inaingia juu, na hiyo ya nje Njombe saa kumi usiku ina unyevu wa kutosha kutoa umande yenyewe. Kwa hiyo kule juu usimwahidi mteja kwamba kofia itamaliza matone. Ziba dari lisipitishe mvuke, toa mvuke wa jikoni na bafuni nje, acha matundu yakaushe asubuhi, na chini ya bati weka karatasi ya kuzuia matone iliyolegea kidogo kati ya kenchi na kenchi na kushuka mpaka nje ya fisha bodi, ili tone likidondoka liteleze liende zake nje.

Mama pale ameuliza kuhusu mbu, na ni swali zito. Mbu wa malaria, hasa Anofelesi gambie, anapenda sana kuingilia kwenye uwazi kati ya ukuta na paa, watafiti wetu wa Ifakara wamefanya kazi miaka mingi kwenye hilo jambo. Kwa hiyo kama nyumba haina dari, ule uwazi wa juu ya ukuta ni mlango wa mbu moja kwa moja kitandani, na jibu sio kuuziba kwa matofali ukabaki unapikwa, ni kuuwekea wavu wa mbu uliobana vizuri pande zote. Kama nyumba ina dari lililozibwa sawasawa, mbu aliyeingia darini hana njia ya kushuka, ndo maana juu kwenye kofia nimesema wavu wa milimita 4 mpaka 6 unatosha. Upenuni mimi bado naweka wa mbu kwa usalama, kwa sababu dari zetu nyingi zina nyufa, ila huo wavu uwe wa kufunguka. Uweke kwenye fremu ya mbao ya skrubu nne, kila kiangazi kikiisha ushushwe upigwe maji. Wavu wa mbu uliokaa miaka miwili kando ya barabara ya vumbi bila kuoshwa ni sawa na ukuta.

Na fundi hapa kauliza paa la slopu nne, zile nyumba nyingi za mjini. Kaka umeuliza vizuri. Nyumba yetu hii ya 12 kwa 10 ukiipaua slopu nne zenye mwinuko sawa, mgongo wa juu unabaki mita 2 tu badala ya 12. Upenu umeongezeka, unazunguka mita 44, ila mdomo wa juu umekufa. Hapo fanya hivi: kofia za kwenye pembe nne zinazoshuka nazo ziachie upenyo kwenye theluthi ya juu, kwa mtindo uleule wa kukunja ncha na kuweka wavu, na hapo ndo zile feni za kuzunguka zinapata kazi ya maana, mbili au tatu karibu kabisa na mgongo, mradi upenu uko wazi. Usizibandike katikati ya slopu, maana hewa yote ya moto iliyo juu yake itabaki pale. Na kama una paa la slopu mbili ambalo tayari lina matundu kwenye ukuta wa pembetatu, ukishafungua kofia yazibe hayo, au yawe madogo sana, kwa sababu hewa itaingilia kwenye hilo tundu la karibu na mgongo na kutokea kwenye kofia palepale, ikaacha lile joto la chini juu ya dari halijaguswa.

Mapaa ya kuficha, yale ya ukuta unaopanda kuzunguka bati, hayana upenu wala mgongo, na yanachoma kuliko yote. Kwenye hayo hewa iingilie upande wa gata, chini ya mdomo wa bati, na itokee upande wa juu chini ya bati la kukinga ukuta, liachwe mbali na ukuta sentimita 3 na kukunjwa kushuka. Mwinuko ni mdogo, msukumo wa joto ni mdogo zaidi, kwa hiyo mwanya uwe mkubwa, wa milimita 25 mtupu chini kabla ya wavu, na foili hapo sio hiari. Wenye nyumba za namna hiyo mbaki tukimaliza chai, nina michoro kwenye begi, tupitie moja moja na vipimo vyenu.